Mpishi Hakutokea: Vidokezo vya Kudai Hasara ya Chakula cha Harusi

Emsii asipokuja, hakosekani mjomba mchangamfu wa kushika maiki. Mpiga picha asipokuja, simu zipo mikononi mwa kila mtu. Mpishi asipotokea, hakuna wa kumshikia nafasi, na kamati iliyokaa vikao miezi minne inajikuta imesimama nje ya ukumbi ikipiga namba isiyopatikana.

Kesho yake hasira ni nyingi na kila mjumbe ana lake la kudai. Mmoja anataka mpishi alipe harusi nzima, mwingine anataka alipe matibabu ya mama mzazi aliyepandwa na presha. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, haiendi na hasira hizo. Kifungu chake cha 73 kinasema aliyevunja mkataba atalipa hasara iliyotokea kwa kawaida ya mambo kutokana na uvunjaji huo, au hasara ambayo pande zote mbili zilijua tangu wakati wa kufunga mkataba kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali, isiyotokana moja kwa moja na uvunjaji, hailipwi. Kifungu hichohicho kinaitaka mahakama, inapokadiria hasara, iangalie njia zilizokuwepo za kuponya tatizo lenyewe. Kwa maneno mengine mtaulizwa: ninyi wenyewe mlifanya nini?

Tuchukue mfano wa kubuni utufae mpaka mwisho. Wageni 250, sahani moja Sh 20,000, jumla Sh 5,000,000. Kamati imelipa advansi ya Sh 3,000,000, salio ni siku ya shughuli chakula kikishafika. Sherehe ni Jumamosi, ukumbi wa Sinza, chakula kiwepo saa 1 usiku. Saa 10 jioni mpishi anapokea simu na kusema hawezi kuja, kisha anazima.

1. Hesabuni pengo, si harusi

Hapa ndipo kamati nyingi hujikwaa, na hujikwaa kwenye kujumlisha na kutoa.

Tuseme kamati ya Sinza ilihangaika ikapata chakula. Hoteli ya jirani ilitoa sahani 150 za pilau kwa Sh 25,000 kila moja, yaani Sh 3,750,000. Wageni 100 waliobaki walipata kuku na chipsi kwa Sh 22,000, yaani Sh 2,200,000. Gari la kusomba chakula lilikula Sh 150,000, na sahani na vijiko vya kukodi Sh 200,000. Jumla ya zimamoto hiyo ni Sh 6,300,000.

Mweka hazina anachukua kalamu: advansi 3,000,000, chakula cha dharura 6,300,000, tunadai 9,300,000. Inaonekana ni haki kabisa, lakini sivyo. Mkataba ungetimizwa kamati ingetoa Sh 5,000,000 na wageni wangekula. Sasa imetoa Sh 9,300,000 na wageni wamekula. Pengo ni Sh 4,300,000, na pengo hilo ndilo hasara. Ukitaka kulithibitisha kwa njia ya pili, chukua advansi ya Sh 3,000,000 isiyozaa kitu, ongeza Sh 1,300,000 ambazo chakula cha dharura kilizidi bei ya mkataba. Unafika palepale.

Lengo la fidia ni kukuweka pale ambapo ungekuwa kama mpishi angekuja. Ukipewa 9,300,000 utakuwa umelisha watu 250 bure, na hakuna mkataba uliokuahidi hivyo. Wakili wa upande wa pili akiona hesabu ya namna hiyo hufurahi, kwa sababu ukishakamatwa umezidisha kwenye chakula, hata madai yako ya kweli yanaanza kutiliwa shaka.

Kwa mantiki hiyohiyo, mapambo, ukumbi, gari la maharusi na suti za wapambe haviingii. Fedha hizo zingetoka mpishi aje asije, na vitu vyenyewe mlivitumia.

2. Mnachotaka akilipie, mwambieni kabla ya kusaini

Mwaka 1853 kule Gloucester, Uingereza, kinu cha kusaga nafaka kilivunjikiwa mhimili wa mashine. Wenyewe walimpa msafirishaji mhimili ule mbovu aupeleke Greenwich ukawe kielelezo cha kutengenezea mpya. Msafirishaji alichelewa siku kadhaa, kinu kikakaa bure, na wenye kinu wakadai faida waliyoikosa. Kesi ya Hadley na Baxendale ikaamuliwa mwaka 1854. Majaji walichukulia kwamba msafirishaji hakuwa ameelezwa kuwa kazi yote imesimama ikimsubiri yeye. Kwa alivyojua, wenye kinu wangeweza kuwa na mhimili wa akiba. Faida ile haikulipwa. Kanuni hiyo iliingia katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ikatumika Tanganyika, na tulipotunga sheria yetu mwaka 1961 tukaibeba. Wenzetu wa Kenya hawana kifungu kama chetu. Wao huitumia kanuni ya Hadley moja kwa moja kupitia sheria ya Kiingereza.

Sasa irudishe Sinza. Ukumbi unafungwa saa 6 usiku, na saa ya ziada ni Sh 300,000. Chakula cha dharura kilifika saa 3, ratiba ikasogea, ukumbi ukalipwa saa moja zaidi. Je, mpishi atailipa? Ana kazi hiyo miaka, anajua kumbi hutoza muda, kwa hiyo hoja ipo hata bila maandishi. Lakini kama kwenye mkataba kuna mstari unaosema ukumbi unafungwa saa 6 na kila saa ya ziada ni Sh 300,000, ubishi unaisha.

Jambo la kuzingatia ni wakati. Sheria inauliza mpishi alijua nini *wakati wa kufunga mkataba*. Kumwambia asubuhi ya Jumamosi kwamba kuna basi la wageni wa Arusha linalotakiwa kuondoka saa 4 usiku, na likichelewa mtatozwa, hakumbebeshi mzigo huo. Alishakubali bei ya kazi bila kuujua. Angeujua huenda angedai zaidi, angeongeza gari, au angekataa. Kwa hiyo yale yasiyo ya kawaida katika shughuli yenu, basi la kukodi, mgeni asiyekula kitu fulani kwa sababu za kiafya, msafara wa pili wa chakula kwa wazee nyumbani, yaandikwe siku ya kusaini. Mistari mitatu inatosha. Kama mlikubaliana kwa WhatsApp, basi iwe kwenye ujumbe uleule wenye bei na idadi ya wageni, naye ajibu "sawa".

3. Pitisheni kila dai kwenye chekeche

Kikao cha kuvunja kamati hutoa orodha ndefu. Nimewahi kusikia karibu madai yote, na haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Baba mkubwa aliyeahidi kiwanja kwa maharusi, akaona aibu ya njaa, akaondoka na kiwanja chake. Hiyo ni hasara ya mbali. Kati ya pilau lililokosekana na hati ya kiwanja kuna uamuzi wa mtu mzima mwenye hiari yake, na mpishi hakuahidi kuilinda furaha ya baba mkubwa. Hivyo hivyo kwa bosi aliyealikwa kwa matumaini ya tenda.

Wageni walioondoka mapema na bahasha zao mfukoni. Hili linaumiza zaidi, kwa sababu kila mtu anajua zawadi hutolewa baada ya kula. Lakini nani atathibitisha kilichokuwa ndani ya bahasha ambayo haikutolewa? Zawadi haina mkataba. Mimi singeitia kwenye hati ya madai.

Presha ya mama. Hapa kuna kesi moja ya zamani inayofanana nayo sana. Mwaka 1875 huko Uingereza, bwana Hobbs, mkewe na watoto wawili walipanda treni ya usiku ya kwenda Hampton Court, ikawashusha Esher. Hoteli haikuwa na nafasi, usafiri haukuwepo, wakatembea maili kadhaa kwenye mvua. Mke akashikwa na mafua makali. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa pauni 28: pauni 8 kwa adha ya kutembea, pauni 20 kwa ugonjwa na matokeo yake. Majaji wakaziacha zile 8 na kuzifuta zile 20, wakisema kuugua kulikuwa mbali mno na kosa la kushushwa kituo kisicho chako. Wapo wanasheria wanaoona majaji walikuwa wagumu kupita kiasi, na kesi za baadaye zimelegeza kidogo. Hata hivyo, mama mwenye historia ya presha ambayo mpishi hakuwahi kuisikia ana nafasi finyu kuliko mke wa Hobbs.

Na wageni walioumwa tumbo kwa kuku wa dharura? Hao ni wa muuza kuku. Mfuateni yeye kwanza.

4. Aibu ina bei, ila ni ndogo kuliko mnavyoihisi

Kwa kawaida anayedai kwa mkataba halipwi kwa ajili ya kukasirika. Aliyecheleweshewa simenti hawezi kudai fidia ya usingizi aliokosa. Lakini mikataba ambayo lengo lake lenyewe ni furaha ina njia yake. Mwingereza mmoja, Jarvis, alilipa pauni 63 na senti 45 kwa likizo ya Uswisi iliyopambwa kwenye kijitabu kwa kila aina ya starehe, akafika akajikuta wiki ya pili yuko peke yake kwenye nyumba ya wageni. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimpa pauni 125, karibu mara mbili ya alicholipa, kwa kuwa alichonunua ni raha na raha ndiyo iliyokosekana. Kabla yake, mahakama moja ya Uskoti ilimpa bibi harusi pauni 30 baada ya mpiga picha wake kutotokea.

Maamuzi hayo hayaifungi mahakama yetu, lakini mawakili huyapeleka kama mwongozo, na harusi inakaa vizuri ndani yake. Mtu akiagizwa chakula cha harusi, kuaibika kwa wenye harusi asipokuja si jambo la kushangaza. Ni kawaida ya mambo, maneno yaleyale ya kifungu cha 73.

Kwenye hati ya madai hii huingia kama fidia ya jumla, na kiwango chake anakiamua hakimu. Ndiyo maana hakuna haja ya kuandika Sh 50,000,000 kwa "fedheha". Elezeni kilichotokea: maharusi waliingia saa 2 meza ya bafe ikiwa tupu, emsii akatangaza, wazazi wa pande zote wakiwa mbele, wageni wa kwanza wakala saa 3 na robo. Hakimu naye amewahi kwenda harusini. Anahitaji saa na mpangilio wa matukio, hahitaji vivumishi.

5. Saa mbili za kwanza ndizo zenye fedha

Twende kwenye sehemu ambayo kamati ina uwezo nayo. Mpishi amevunja mkataba, ndiyo, lakini hasara inayoweza kuepukwa kwa hatua za kawaida haihesabiwi kwake. Kamati ikikaa chini kulia mpaka saa 5 usiku, wageni wakaondoka na njaa, halafu ikadai fidia ya sherehe iliyovunjika, itaulizwa: hoteli zilizo dakika kumi kutoka hapo zilikuwa zimefungwa?

Kinachotakiwa ni hatua ya mtu mwenye akili timamu aliyebanwa, si hatua ya mtu mwenye wiki nzima ya kufikiri. Mwaka 1932, katika shauri la Benki ya Ureno dhidi ya wachapaji wa noti Waterlow, mabwana wa mahakama ya juu ya Uingereza walieleza kwamba aliyetumbukizwa kwenye shida na mvunja mkataba hapaswi kupimiwa hatua zake kwa mizani ya dhahabu. Kwa Sinza maana yake ni hii: hamuhitaji kuthibitisha kwamba Sh 25,000 kwa sahani ndiyo iliyokuwa bei ya chini kuliko zote Dar es Salaam Jumamosi ile saa 11 jioni. Inatosha kwamba mliulizia sehemu mbili tatu, mkachukua iliyoweza kufika kwa wakati.

Lakini mpaka upo. Mkataba ulikuwa wa pilau, kuku, kachumbari na tunda. Kamati ikisema "bora tuagize ndafu wanne na kamba wa kukaanga, mpishi atalipa", atalipa kiasi cha pilau na kuku. Mbuzi na kamba ni wenu. Kama hoteli haikuwa na kingine ila menyu ya bei ya juu, hilo ni jambo jingine, na muombeni meneja aandike kwenye risiti kwamba ndicho kilichokuwepo.

Gawaneni kazi ndani ya dakika kumi. Mmoja apige simu za chakula, na asiwe mwenyekiti kwa kuwa mwenyekiti atakuwa anazungumza na wazazi. Mwingine aende kwa mpishi au jikoni kwake kama ni karibu. Huenda chakula kipo na tatizo ni gari, na kukodi kirikuu cha Sh 60,000 kungeokoa Sh milioni kadhaa. Ikidhihirika baadaye kwamba chakula kilikuwa kimeiva na mpishi aliwaomba mje kukichukua nanyi mkakataa kwa hasira, dai lenu litapungua sana. Wa tatu aandike: saa ngapi nani amepigiwa, amejibu nini, bei gani. Kwenye daftari, au ajitumie ujumbe mwenyewe kwenye simu, kwa sababu saa ya ujumbe haibishaniwi.

Gharama za kuhangaika nazo zinadaiwa, hata zile zilizogonga mwamba. Mkilipa bodaboda kwenda Mwenge kwenye hoteli mliyoambiwa ina chakula na kukuta kimeisha, nauli hiyo ni sehemu ya hasara, ilimradi safari yenyewe ilikuwa na mantiki.

Na kama mpishi ametangaza mapema? Tuseme Jumanne anatuma ujumbe kwamba Jumamosi hatakuja kwa kuwa amepata tenda kubwa. Kifungu cha 39 kinawaruhusu kuuhesabu mkataba umevunjwa siku hiyohiyo, bila kusubiri Jumamosi. Mjibuni kwa maandishi kwamba mmeuchukulia mkataba umevunjika na mnatafuta mwingine, kisha mtafute kweli. Mkishajibu hivyo halafu mkaacha Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zipite, bei ya dharura ya Jumamosi itawarudia wenyewe, maana mpishi wa Jumatano angepatikana kwa Sh 21,000.

6. Akirudi na masharti mapya, pigeni hesabu kabla ya kukata simu

Saa 11 mpishi anawasha simu. Anasema ataleta chakula, lakini salio la Sh 2,000,000 alipwe sasa hivi, si baada ya kufika. Mjumbe mmoja anataka kumtukana. Mshikeni mkono kwanza.

Mwaka 1919 mahakama za Uingereza ziliamua shauri la Payzu na Saunders. Muuza hariri alikuwa akiuza kwa mkopo. Mnunuzi akachelewesha malipo ya mzigo wa kwanza. Muuzaji akagoma kuendelea na mkopo, akasema bei ni ileile lakini kwa taslimu. Mahakama ikakubali kwamba muuzaji alivunja mkataba. Ila mnunuzi alikataa toleo lile, bei ya soko ikapanda, akadai tofauti ya bei, akaikosa, kwa sababu kuchukua hariri ileile kwa bei ileile kungemwepusha na hasara karibu yote. Kwenye biashara, mtu wa kukupunguzia hasara anaweza kuwa yuleyule aliyekuumiza.

Kwa hiyo toleo la mpishi lipimwe. Fedha ni ileile, kinachobadilika ni saa ya kulipa. Kama kuna mjumbe anayeweza kwenda jikoni kwake, akaona masufuria, akalipa pale chakula kikiwa kinapakiwa, kukataa kutakuwa kugumu kueleza mahakamani. Lakini kama amekwisha kusema uongo mara mbili siku hiyo, yuko Bagamoyo, na anataka fedha itumwe kwa simu kabla hamjaona hata sufuria moja, mtu mwenye akili timamu hatumi, na hakuna hakimu atakayewalaumu.

Akitaka zaidi, labda Sh 500,000 "za mafuta", nazo zinaweza kuwa nafuu kuliko kununua upya. Zilipeni baada ya kutuma ujumbe mfupi: tunalipa kwa kubanwa, hatukubali kwamba ni haki yako, tutazidai. Bila ujumbe huo atasema mlikubaliana bei mpya.

7. Tahadhari na namba mnayoiandika kwenye kipengele cha faini

Kamati nyingi huweka mstari: "Mpishi asipofika atalipa Sh 2,000,000." Nia ni kumtisha. Kifungu cha 74 kinasema pale mkataba unapotaja kiasi kitakacholipwa ukivunjwa, aliyeumia atapata fidia ya haki *isiyozidi* kiasi hicho, hata kama hakuthibitisha hasara. Sehemu ya mwisho ni tamu kwenu. Sehemu ya katikati ni dari. Kamati yetu yenye pengo la Sh 4,300,000 na saa ya ziada ya ukumbi itajikuta inabishana chini ya dari la milioni mbili ililolijenga yenyewe.

Mkiandika milioni mia moja nazo hazitatoka. Hakimu atashuka mpaka kwenye kiasi cha haki. Namba nzuri ni ile inayofanana na hasara halisi: bei ya mkataba mzima, ongeza kama nusu yake ya bei za dharura. Kwa Sinza ingekuwa karibu Sh 7,500,000, na dai lao lote lingekaa ndani bila kubanwa.

8. Aliyesaini ndiye anayedai, na risiti ndizo zinazosema

Kamati ya harusi si kampuni wala chama kilichosajiliwa. Haiwezi kushtaki kwa jina lake. Mkataba uwe na jina la mtu, mara nyingi baba wa bwana harusi au mwenyekiti, na malipo yatoke kwenye namba yake au yaelezwe wazi kwamba ni kwa niaba yake. Advansi iliyotumwa na mjumbe mmoja, nyama iliyolipwa na wa pili na gari lililolipwa na wa tatu ni mashahidi watatu wa kuwatafuta kila tarehe ya kesi.

Zile Sh 4,300,000, pamoja na 300,000 za ukumbi, ni fidia maalumu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishaweka wazi katika shauri la Zuberi Augustino na Anicet Mugabe la mwaka 1992 kwamba fidia ya aina hiyo lazima itajwe mahsusi na kuthibitishwa. "Tulitumia kama milioni sita hivi" haithibitishi kitu. Ujumbe wa malipo ya simu, mazungumzo ya WhatsApp na orodha ya simu zilizopigwa vinapokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mkiweza kueleza vimehifadhiwaje. Kwa hiyo msifute kundi la kamati baada ya harusi, na simu yenyewe msiiuze.

Anzeni na barua ya madai: tarehe ya mkataba, alichoahidi, alichofanya, hesabu ya pengo mstari kwa mstari, siku 14 za kulipa. Mpishi mwenye jina la kulinda mara nyingi hulipa hapa, hasa akiona hamkujumlisha harusi nzima. Asipolipa, madai ya mkataba yana miaka sita kabla ya kupitwa na muda, lakini msiitumie yote. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia, na miezi michache baadaye ile ya pilau la Sh 3,750,000 inaweza kuwa karatasi nyeupe. Zipigeni picha usiku huohuo.